Shilingi za Vijiji, Dola za Fomu

Nilipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika cha kahawa, nilirudi nyumbani Mbinga nikiwa na sanduku la bati, godoro, na barua ya shukrani yenye mihuri miwili. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wamepewa ruhusa. Walikuja na malori yao mpaka shambani kwa mkulima, fedha taslimu mkononi, na maghala ya ushirika yakabaki matupu kiasi kwamba ukipiga chafya unaitikiwa na kuta. Sikuwachukia wanunuzi wale. Baba yangu mwenyewe aliwauzia. Ila mimi nilikuwa nimezoea kuwa mhasibu, na mhasibu asiye na hesabu za kufunga ni kama jembe lililotundikwa darini.

Bahati ilinijia haraka. Palikuwa na ofisi ndogo ya maendeleo, vyumba viwili nyuma ya soko, iliyojishughulisha na maji vijijini. Ilikuwa na watu wawili tu, nami nikawa wa tatu. Mratibu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa Kimatengo mwenye sweta la kijivu ambalo sikumwona akilivua hata mwezi wa Desemba. Wilaya nzima ilimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa fundi wa maji, Mnyasa wa ufukweni, mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, ambaye pia ndiye aliyeendesha Land Rover yetu kuukuu. Yeye aliniita dada mhasibu tangu siku ya kwanza, na mimi nilimwita fundi.

Mradi wetu mkubwa ulikuwa wa maji ya mserereko. Kulikuwa na chemchemi nzuri milimani, na tulitaka kuyateremsha maji yake kwa mabomba mpaka vijiji vitatu: kimoja juu, kwenye mashamba ya kahawa na ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, cha pili katikati ya mteremko, na cha tatu chini kabisa, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Wageni waliuliza kila mara: watu wa ufukweni wana ziwa zima mbele yao, wanataka maji gani tena? Fundi alikuwa na jibu lake. "Ziwani tunaoga, tunafua, tunavua, na ng'ombe nao wanaingia humo humo. Sasa wewe mgeni, chota kikombe unywe, mimi nakutazama."

Makisio ya mradi tuliyatengeneza wenyewe, kwa miguu. Wiki mbili tulipita vijiji vyote vitatu, tukakaa na kamati za maji, tukahesabu kila kitu kijiji kwa kijiji. Ndivyo watu wanavyofikiri. Mwanakijiji hataki kusikia habari ya saruji ya mradi mzima, anataka kujua mifuko mingapi inakuja kwake. Kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na ukurasa wake. Kijiji cha juu, milioni kumi na nne na laki nne. Cha katikati, milioni kumi na tano na laki sita. Cha ufukweni, milioni kumi na mbili. Ukurasa wa nne ulikuwa wa gharama za pamoja, yaani ofisi na gari: milioni sita. Jumla, milioni arobaini na nane za shilingi.

Ndani ya hizo kulikuwa na jasho la wananchi wenyewe. Walikuwa wamekubali kuchimba mitaro na kusomba mawe na mchanga, siku elfu kumi na mbili kwa vijiji vyote, na tulizithamini kwa shilingi mia tano kwa siku. Hiyo ni milioni sita. Kwa hiyo tulichohitaji kuomba kilikuwa milioni arobaini na mbili.

Nyuma ya kurasa hizo nne niliambatisha ya tano, niliyoiita misingi ya makisio. Humo niliandika kila jambo tulilolichukulia kuwa kweli tulipokuwa tunapiga hesabu: malipo ya siku ya kibarua, bei za mabomba kama alivyotupa mwenye duka wa Dar es Salaam, dola moja kwa shilingi mia sita kwa sababu mwenye duka huyo alipanga bei zake kwa kiwango hicho, na safari kumi na sita za lori kutoka Songea kupeleka mabomba vijijini, kila safari laki moja na elfu ishirini. Niliona fahari juu ya ukurasa ule. Sikujua kuwa ndio ungeniangusha.

Bahasha ya mfadhili tuliyemwomba fedha ilitufikia mwezi wa Julai, ukungu umelala mpaka madirishani na sisi tumeshika vikombe vya chai kwa mikono miwili. Shirika lao lilikuwa la ng'ambo, lakini ofisi yao ya Dar es Salaam ilisimamiwa na mama mmoja Mtanzania, na barua yake ilikuwa ya kirafiki. Alisema wameupenda mradi wetu. Kilichobaki ni kuhamishia bajeti yetu kwenye fomu yao, na ifike kwa faksi kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu. Niliifurahia kwa dakika tano.

Haikuwa na vijiji. Ilikuwa na vifungu vitano: watumishi wa mradi, vifaa, usafiri, mafunzo, na uendeshaji wa ofisi. Kila kifungu kilikuwa na safu mbili, moja ya fedha zinazoombwa, nyingine ya mchango wa wananchi. Yote kwa dola, bila senti. Kifungu cha uendeshaji kisizidi asilimia kumi ya fedha zinazoombwa. Hakukuwa na mahali pa kuandika "mengineyo". Na chini kabisa, kwa herufi nzito: jumla ya fomu hii ilingane na bajeti ya ndani ya mwombaji, ambayo lazima iambatishwe.

"Kazi ya asubuhi moja hii," alisema Mwalimu.

"Mbili," nilimjibu, nikijiona mnyenyekevu.

Nilianza kwa kupita mstari kwa mstari. Saruji ya kijiji cha juu, vifaa. Posho ya mafundi, watumishi. Semina ya kamati, mafunzo. Nilipofika mwisho nikaona kifungu cha usafiri ni kitupu, maana Land Rover niliiacha kwenye gharama za ofisi. Nikasema, la, hapa tumesahau malori. Nikafungua ukurasa wa misingi, nikakuta zile safari kumi na sita, nikaziandika chini ya usafiri, nikaridhika. Kisha nikajumlisha.

Milioni arobaini na tisa, laki tisa na elfu ishirini.

Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Jibu lile lile. Fomu ilikuwa imezidi bajeti yetu kwa milioni moja, laki tisa na elfu ishirini, na mimi sikujua fedha hizo zimetoka wapi. Katika ushirika nilizoea kutafuta shilingi zilizopotea. Sijawahi kupata taabu ya shilingi zilizozaliwa zenyewe.

Siku mbili zilipita. Mwalimu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, akatazama.

"Mwanangu, umekwama?"

"Kidogo, Mwalimu. Jumla imezidi."

"Basi ipunguze. Mafunzo ni shilingi ngapi?"

"Milioni mbili, laki nane na elfu themanini."

"Toa hiyo ziada. Inabaki laki tisa na elfu sitini. Semina ya siku moja moja inatosha. Fomu inataka jumla, tuipe jumla."

"Lakini Mwalimu, mafunzo hayana kosa. Kosa liko mahali pengine. Tukikata mafunzo tutakuwa na makosa mawili yaliyofichana."

Alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mkali, alikuwa mtu aliyezoea vipindi kuisha kengele ikilia. "Mimi naenda Songea kwenye kikao, narudi Jumatatu," alisema. "Usipopata dawa mpaka hapo, tutakata mafunzo. Ijumaa haitusubiri."

Nilibaki na karatasi zangu. Aliyejua undani wa zile kurasa za vijiji zaidi yangu alikuwa fundi, kwa sababu bei zote alizitafuta yeye, mimi nilinakili tu. Naye alikuwa ufukweni akipima njia ya bomba, na gari lilikuwa naye. Kule simu hakuna. Asubuhi iliyofuata nilikunja makaratasi ndani ya khanga, nikaenda sokoni, nikapata lori lililokuwa linapeleka mahindi Mbamba Bay. Dereva alikuwa jirani yetu, akanipa nafasi mbele.

Wanaoijua barabara ile watanielewa nikisema kwamba nilisahau hesabu zote. Unaondoka Mbinga umejifunga mashuka mawili, unashuka, kona baada ya kona, ngoro zimepangwa milimani kama mkeka uliosukwa kwa subira, na kila kona hewa inazidi kuwa nzito na tamu. Katikati ya njia nilivua shuka la kwanza. Ziwa lilipojitokeza chini, la buluu mpaka linauma macho, nilivua la pili. Dereva akacheka. "Ninyi watu wa juu mnakuja ziwani kama kitunguu, mnamenyeka."

Kutoka Mbamba Bay nilitembea saa moja kufuata ufuko. Nyumbani kwa fundi nilimkuta mama yake anaanika usipa kwenye chanja, samaki wadogo wanaong'aa kama vipande vya bati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mhasibu? Mwanangu amenisimulia habari zako. Anasema ukipewa senti kumi unaiandikia risiti."

Mama yule alikuwa mtunza hazina wa kamati ya maji ya kijiji kile. Hilo nilikuwa nalijua kwenye karatasi, jina na sahihi ya dole gumba. Kumwona na mikono yake yenye magamba ya samaki kulikuwa jambo jingine. Alinipa maji ya kunawa na kunikalisha kwenye kivuli cha paa. Fundi aliporudi kutoka mlimani, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, alikuta ugali wa muhogo umeshatengwa na mimi nimeshatandaza karatasi mkekani, nimezikandamiza kwa mawe zisipeperuke.

Nilimweleza yote, pamoja na uamuzi wa Mwalimu. Sikutaka mama asikie habari ya mafunzo, lakini alikuwa hatua mbili kutoka kwetu na masikio yake yalikuwa mazima.

"Mnataka kukata mafunzo ya kamati?" aliuliza. "Mimi nimeshawaambia wenzangu tutafundishwa kufunga bomba na kuandika daftari. Bomba likipasuka, nani atalifunga? Hiyo fomu?"

"Mama, ndiyo maana nimekuja," nilisema. "Sitaki ikatwe."

Fundi alinawa mikono taratibu. "Hebu, dada mhasibu, niambie tena. Imezidi kiasi gani?"

"Milioni moja, laki tisa na elfu ishirini."

"Kamili? Hakuna mia mia mwishoni?"

"Kamili."

Akatafuna kwanza tonge lake. "Hiyo si ajali, basi. Ajali haiji kamili. Gawanya kwa laki moja na elfu ishirini."

Nilitoa kikokotoo. Vidole vilikuwa na mchuzi, nikabonyeza kwa kidole kidogo. Kumi na sita.

Tukatazamana.

"Safari zangu za lori," alisema fundi. "Umeziandika wapi?"

"Kwenye usafiri. Niliona tumezisahau."

"Tumezisahau! Angalia ukurasa wa kijiji. Mabomba, nimeandikaje pale?"

Niliangalia. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, kama nilivyonakili kutoka daftari lake: *mabomba, mpaka kijijini*. Maneno mawili ya mwisho nilikuwa nimeyapita mara ishirini kama mtu anayepita jiwe la njiani. Bei ile ya milioni kumi na tisa, laki tisa na elfu ishirini ilikuwa na lori ndani yake tayari. Mabomba yenyewe yalikuwa milioni kumi na nane. Mimi nilichukua bei nzima nikaiweka kwenye vifaa, halafu nikachukua malori yale yale kutoka ukurasa wa misingi nikayaweka kwenye usafiri. Mabomba yangu yalikuwa yamesafirishwa mara mbili.

Nilianza kucheka, fundi akafuata, na mama akatuuliza kwa nini tunacheka hali ugali unapoa. Tulipomweleza, alisema, "Kumbe hata nami ningewaambia. Ukinunua chumvi kwa mchuuzi aliyekuletea mlangoni, hulipi tena nauli."

Nililala kwao. Kesho yake, fundi alipomaliza vipimo vyake, tulipanda naye kwenye Land Rover na kapu la usipa nyuma, tukafika Mbinga tukinuka kama soko.

Jumatatu Mwalimu alirudi kutoka Songea na uso wa furaha. Nilimwonyesha kosa langu na namna lilivyopatikana. Alisoma maneno yale *mpaka kijijini*, akavua miwani, akasema, "Nilifundisha ufahamu miaka thelathini, na mimi pia sikuyaona." Habari ya kukata mafunzo haikutajwa tena. Lakini alikuwa na lake kutoka safarini.

"Dola imepanda. Duka la fedha wanabadilisha kwa mia sita na ishirini. Tubadilishe hapo."

Hapo nilikaa naye vizuri, kwa sababu hili lilikuwa na mtego. Nilimwonyesha: milioni arobaini na mbili kwa mia sita ni dola elfu sabini kamili. Kwa mia sita na ishirini ni dola elfu sitini na saba, mia saba na arobaini na mbili hivi. Tungeomba dola pungufu, na mwenye duka la mabomba, ambaye mali yake inatoka nje, naye angepandisha bei ya shilingi. "Bei zetu na kiwango hiki vimezaliwa siku moja, Mwalimu. Ukibadilisha kimoja, lazima urudi kwa mwenye duka ubadilishe na cha pili. Hatuna muda huo. Tuache mia sita, na tuandike wazi kwenye fomu kwamba ndicho kiwango kilichotumika na bei zilichukuliwa kwa kiwango hicho. Kikibadilika, watajua kilichobadilika."

"Na wakisema tumetumia kiwango cha zamani?"

"Watasema hivyo kwa sababu tumewaambia. Ni bora kuliko wagundue."

Alikubali. Kikabaki kizuizi kimoja, kile cha asilimia kumi. Fedha tulizoomba zilikuwa dola elfu sabini, kwa hiyo uendeshaji wa ofisi haukutakiwa kuzidi elfu saba. Ukurasa wetu wa gharama za pamoja ulikuwa milioni sita, yaani dola elfu kumi. Ukiuhamisha wote kama ulivyo, fomu inakataliwa.

Mwalimu alijikohoza. "Mshahara wangu uweke kwenye mafunzo. Mimi ni mwalimu au si mwalimu?"

Fundi, aliyekuwa mlangoni anafunga kamba ya kiatu, alicheka mpaka akaketi chini. Mwalimu mwenyewe akashindwa kujizuia.

"Mshahara wako hauendi huko, Mwalimu," nilisema. "Lakini gari linaweza kugawanywa."

Maana ndani ya ile milioni sita, nusu ilikuwa ya Land Rover: dizeli, matairi, matengenezo. Milioni mbili na laki moja zilikuwa mishahara ya Mwalimu na yangu, na laki tisa karatasi, stempu na simu. Mishahara na karatasi ni ofisi, hakuna ubishi. Lakini gari halikukaa ofisini. Nilimwomba fundi kitabu cha safari. Kilikuwa kimechakaa, kina alama za oili kila ukurasa, lakini kila safari ilikuwa imeandikwa: tarehe, kilomita, mahali, sababu. Tulihesabu safari za mwaka uliopita, zikawa themanini. Sitini zilikwenda vijijini kwenye miradi. Ishirini zilikuwa za Songea, benki na mikutano. Fundi akajumlisha na kilomita za kila upande, na mgawanyo ukawa ule ule kwa karibu sana.

"Robo tatu," alisema.

Robo tatu ya milioni tatu ni milioni mbili, laki mbili na elfu hamsini. Hizo zikaenda usafiri. Laki saba na elfu hamsini zikabaki ofisini. Uendeshaji ukawa milioni tatu, laki saba na elfu hamsini, sawa na dola elfu sita, mia mbili na hamsini. Tulikuwa ndani ya mpaka, na kwa haki. Niliandika sababu ya mgawanyo chini ya karatasi na kutaja kitabu cha safari, ili atakayeuliza aonyeshwe.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilitakiwa kulifanya siku ya kwanza. Nilichukua karatasi kubwa ya safu, ile tuliyotumia kwenye ushirika kufungia mwaka. Upande wa kushoto, mmoja chini ya mwingine, niliandika kila mstari wa bajeti yetu, kijiji kwa kijiji. Juu nikaandika vifungu vitano vya mfadhili, na safu ya sita ya mchango wa wananchi. Kila mstari wetu ulipaswa kutua kwenye safu moja, au kugawanywa kwa sababu iliyoandikwa, na ukisoma mstari kwa upana upate kiasi kile kile ulichoanza nacho. Mabomba ya kila kijiji yaligawanyika mara mbili, bomba huku na lori kule. Nilipomaliza, nilijumlisha mistari kwenda chini, nikajumlisha safu kwenda upande. Njia zote mbili zilikutana kwenye kona ya chini kulia: milioni arobaini na nane.

Yalitoka hivi, kwa dola. Watumishi elfu kumi. Vifaa elfu arobaini na mbili. Usafiri elfu sita, mia tisa na hamsini. Mafunzo elfu nne na mia nane, hayajaguswa. Uendeshaji elfu sita, mia mbili na hamsini. Jumla ya ombi elfu sabini. Mchango wa wananchi elfu kumi. Mradi mzima, elfu themanini.

Nikiri kwamba nilijikwaa tena kidogo. Mwanzoni nilibadilisha kila mstari mmoja mmoja kuwa dola na kuondoa senti, na nilipojumlisha nikakuta elfu sitini na tisa, mia tisa tisini na saba. Dola tatu zilikuwa zimemomonyoka kwenye senti. Nikarudi nyuma, nikaacha mistari yote ikae kwenye shilingi, nikabadilisha jumla za vifungu tu. Dola tatu zikarudi. Fundi alisema nizitafutie tuzo.

Alhamisi Mwalimu alipiga fomu kwa taipureta, vidole viwili, akisoma kila tarakimu kwa sauti ya darasani, na mimi nikiitikia kutoka karatasi kubwa. Kisha tukaondoka watatu kwenda Songea, kwa kuwa hakuna aliyekubali kubaki. Kitai tulisimama kula mahindi ya kuchoma, Mwalimu amekumbatia bahasha kifuani kama mtoto mchanga, hataki hata kuiweka kitini. Posta ya Songea walituma faksi yetu, kurasa saba, mashine ikiguna kila ukurasa. Karani alipotupa karatasi ya uthibitisho, Mwalimu alimshukuru kwa Kimatengo, na yule karani hakuwa Mmatengo.

Baada ya wiki tatu mama wa Dar alikuja mwenyewe. Mtu mfupi, mchangamfu, viatu vya raba, aliyependa kuuliza. Aliketi kwenye kiti changu, akafungua fomu.

"Hii elfu arobaini na mbili ya vifaa. Kijiji cha ufukweni ni kiasi gani humo?"

Nilitandaza karatasi kubwa mbele yake. Nikateremsha kidole kwenye safu ya vifaa mpaka mistari ya ufukweni, nikamsomea. Akaniuliza usafiri wa kijiji cha juu. Nikamsomea. Akauliza kwa nini gari limegawanywa, fundi akamkabidhi kitabu cha safari chenye alama za oili. Akakipekua, akatabasamu alipoona safari moja imeandikwa "Mbamba Bay, kupima bomba, na usipa".

"Nani alitengeneza karatasi hii kubwa?" aliuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu alikuwa ameshasimama na kuanza kumweleza, kwa mpangilio mzuri, jinsi kila mstari unavyotua mahali pamoja, jinsi kiwango cha fedha na bei ya mabomba vilivyo ndugu, na kwa nini mtu asikate kifungu kisicho na kosa ili kuficha kosa la kifungu kingine. Alifundisha vizuri kuliko mimi. Fundi alinikanyaga mguu chini ya meza, mimi nikauma midomo. Mwisho Mwalimu akanielekezea mkono. "Ni huyu binti," alisema. "Mimi ni mwanafunzi wake."

Fedha zilikuja. Dola ilikuwa imepanda zaidi na bei ya mabomba nayo, na kwa sababu vyote viwili vilikuwa vimeandikwa pamoja, tulirekebisha kwa barua moja bila ugomvi. Mitaro ilichimbwa mwaka mzima, watu wa juu wakiimba kwa Kimatengo, wa chini kwa Kinyasa, na mafundi katikati wakijifunza matusi ya pande zote.

Siku maji yalipofika ufukweni, bomba lilianza kwa kutoa hewa, likakohoa, likatema tope jekundu la milimani. Watu walirudi nyuma. Kisha yakaja maji meupe, baridi kabisa, baridi ya Mbinga, kwenye joto lile la ziwani. Mama wa fundi alikuwa wa kwanza kuweka kiganja. Alikiondoa haraka kama aliyeungua.

"Haya yametoka kwenye friji!" alipiga kelele, na wanawake wote wakasukumana kuja kujaribu, na mimi katikati yao, viatu mkononi.